Kwenu wanangu mnaotaka kumfuata mwenzi mji mwingine

Wanangu,

Miaka mingi nimekaa kwenye dawati la utumishi, nikipokea barua zenu. Zinazonisikitisha ni zile ambazo mtu anaomba ruhusa na kuaga kazi katika karatasi moja.

Namkumbuka binti mmoja mhasibu, mumewe amehamishiwa mji wa mbali. Aliandika: "Naomba ruhusa nimsaidie mume wangu kuhama. Nitarudi mambo yakikaa sawa, au huenda nikaacha kazi." Nilimrudishia kabla mkuu hajaiona. Mkuu akisoma "huenda nikaacha" huanza kutafuta mtu wa nafasi yako siku hiyo hiyo, na "mambo yakikaa sawa" si tarehe.

Tukakaa, tukahesabu. Alikuwa na siku 10 za likizo ya mwaka. Tukaongeza siku 10 za likizo bila malipo, zikawa wiki 4 za kazi. Barua mpya ikasema: "Naomba likizo kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 28, kwa ajili ya kuhamisha familia. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 31." Chini akataja nani atashika hesabu zake. Sababu ilikuwa ya kweli, na kuacha kazi hakukutajwa kwa kuwa bado hakujaamuliwa. Mkuu akikuuliza ana kwa ana, usimdanganye. Mwambie utarudi tarehe hiyo, na ukiamua kuondoka utatoa notisi kama mkataba unavyotaka.

Jambo la pili, siku zile bila malipo ziulizie kabla hujasaini. Je, bima ya afya inaendelea? Michango ya pensheni inasimama? Kuna mahali bima hukatika mshahara usipoingia, na kuhama na watoto bila bima ni hatari. Na jibu la mdomo halitoshi, subirini kibali cha maandishi ndipo mfunge mizigo.

Yule binti wiki ya kwanza ilimwishia kwenye maboksi. Wiki ya pili na ya tatu alizunguka kuulizia kazi, jioni akikaa na mumewe kupiga hesabu ya kodi ya nyumba na ada kwa mshahara mmoja. Wiki ya nne wakaamua aache. Hakutuma ujumbe wa simu kutoka huko. Alirudi tarehe 31 asubuhi, akaleta barua ya kuacha kazi yenye notisi ya mwezi mmoja, maana mkataba wake ulitaka hivyo, akakabidhi vitabu vyake kimoja kimoja.

Mwingine, kijana mzuri tu, alizidisha siku 8 akingoja mkewe atulie. Hakuandika kuomba nyongeza. Faili lake likaandikwa "mtoro", na mwajiri mpya alipopiga simu kuuliza, hilo ndilo neno lililosomwa. Mkiona siku hazitoshi, andikeni kabla hazijaisha, hata mistari miwili, na mngoje jibu.

Mzee wenu wa utumishi