Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Rasilimali Watu: karatasi ya alama ikamilike kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Mchujo wa maombi ya kazi

Nakuandikia kama mtu aliyewahi kuwa katibu wa jopo la mchujo, katika ofisi ambayo sitaitaja. Tulitangaza nafasi moja ya mtunza stoo, tukapokea maombi 412. Tulikuwa watu watatu na tulipewa siku mbili. Asubuhi ya siku ya kwanza tulisoma kila barua mpaka mwisho na kubishana kwa haki kabisa. Kufikia alasiri macho yalikuwa yamechoka na rundo halijapungua hata nusu. Ndipo mmoja wetu akasema, "Tubaki na wenye shahada tu." Tangazo letu lilitaka stashahada. Hakuna aliyepinga, mimi nikiwemo.

Wiki chache baadaye alikuja mwombaji mmoja kuuliza kwa adabu alipungukiwa na nini. Nilifungua faili lake. Alikuwa na stashahada, na miaka 8 stoo. Kwenye pembe ya barua yake palikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: "Hapana." Sikuwa na cha kumwambia, kwa sababu sababu yenyewe haikuwepo. Aibu ile ndiyo iliyonifundisha ninayokuandikia leo.

Ombi langu ni moja. Kwa kila nafasi, karatasi ya alama iandikwe na kusainiwa na jopo zima kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa, na vigezo vyake vitoke kwenye tangazo peke yake. Kigezo kinachozaliwa baada ya kuliona rundo, hata kama ni kizuri, kinawahukumu watu kwa jambo ambalo hawakuambiwa. Wenye stashahada waliotuma maombi kwetu walitii tangazo, nasi tukawaadhibu kwa kulitii.

Tuichukue nafasi ile ile na kuifanya upya, hatua kwa hatua, kama mfano.

Tangazo lilikuwa na sifa za lazima mbili zinazoweza kuonekana kwenye karatasi: stashahada ya ununuzi na ugavi au fani inayolingana nayo, na uzoefu wa stoo usiopungua miaka 2. Hizi hazipewi alama. Ni ndiyo au hapana, na "hapana" moja inatosha kumtoa mtu. Mwenye shahada ya ugavi na mwenye stashahada wanapita mlango ule ule wakiwa sawa, na miaka 10 haimpi mtu kitu zaidi ya miaka 2. Tangazo lilisema pia tunataka mtu "mwaminifu, mchapakazi na anayejituma". Maneno hayo yasiingie kwenye karatasi hii. Kila mwombaji atayaandika, na hakuna awezaye kuyapima kwa kusoma barua. Yaachwe kwa usaili na kwa wadhamini.

Kusoma kwa ndiyo au hapana huchukua kama dakika 2 kwa ombi. Maombi 412 ni karibu saa 14, yaani siku moja ya kazi kwa watu wawili waliogawana rundo. Wakimaliza, kila mmoja achukue maombi 20 yaliyokataliwa na mwenzake ayasome upya. Yakipatikana hata mawili yaliyokataliwa kimakosa, rundo lote la waliokataliwa lipitiwe tena. Kosa la mlangoni ndilo baya kuliko yote, maana aliyetolewa hapo hakuna atakayemsoma tena.

Tuseme waliopita ni 163. Hapo ndipo alama zinapoanza, na hapo majopo mengi hukosea kwa kutaka vigezo vingi. Niliwahi kuona karatasi yenye vigezo 14. Wasomaji walichoka, wakaanza kumpa kila mtu alama za katikati, na mwishoni watu 60 walitofautiana kwa alama chache zisizo na maana yoyote. Kwa mtunza stoo, vitatu vinatosha: kuhesabu mali na kushughulikia tofauti kati ya leja na rafu, aina ya stoo aliyoitunza, na kumbukumbu za kompyuta. Cha kwanza ndicho moyo wa kazi, kwa hiyo kizidishwe mara 3. Cha pili mara 2. Cha tatu kibaki kama kilivyo. Kila kigezo kina alama 0 mpaka 3, hivyo jumla ya juu ni 18. Kwenye jedwali la kompyuta, safu C, D na E zikiwa na alama za vigezo hivyo vitatu kwa mpangilio huo, mstari wa kila mwombaji unahitaji hesabu hii tu:

```
=C2*3+D2*2+E2
```

Lakini namba pekee haisaidii kama 2 yangu siyo 2 yako. Kila alama lazima iandikiwe maana yake kwa maneno. Kwa kuhesabu mali, tungeandika hivi: 0, hakutaja kabisa; 1, ametaja tu kwamba alishiriki; 2, ameeleza alichofanya yeye mwenyewe na mara ngapi; 3, ameeleza hayo, kisha akaonyesha tofauti aliyoigundua na jinsi ilivyotatuliwa. Pembeni ya kila alama kuwe na nafasi finyu ya kuandika ushahidi uko wapi, kwa mfano "barua, aya ya 2". Msomaji akikosa cha kuandika pale, ajue alama aliyotoa ameitoa moyoni.

Ona inavyofanya kazi. Mwombaji namba 117 ana shahada na miaka 9, na ameandika kwamba ana "ujuzi mkubwa na wa kina wa usimamizi wa stoo" na kwamba alishiriki kuhesabu mali kila mwaka. Stoo yake ameieleza vizuri, na programu aliyotumia ameitaja pamoja na kazi aliyoifanyia. Anapata 1, 2 na 2, jumla 9. Mwombaji namba 284 ana stashahada na miaka 3. Ameandika kwamba alihesabu bidhaa kila mwezi, akakuta leja na rafu havikubaliani, akafuatilia mpaka akaona kwamba mizigo iliyotoka Ijumaa jioni ilikuwa ikiingizwa Jumatatu, na sasa inaingizwa kabla mlango haujafungwa. Stoo yake naye ameieleza vizuri, ila kompyuta ameitaja tu bila maelezo. Anapata 3, 2 na 1, jumla 14. Kwa macho ya kawaida, saa kumi jioni, 117 angepita na 284 angeachwa.

Sitaficha udhaifu ulio hapa. Huenda 117 ni mtunza stoo bora kuliko 284, ila hajui kujieleza, au hakujua kwamba mnataka maelezo hayo. Karatasi hupima kilichoandikwa, na anayeandikiwa barua na mtu mwingine anaweza kufaidika. Sehemu ya pili ya tatizo hili ni ya usaili, ambako atatakiwa kusimulia kwa mdomo ile tofauti ya leja. Sehemu ya kwanza iko mikononi mwako: tangazo liwaambie waombaji waziwazi kwamba barua ijibu maswali matatu, na maswali hayo yawe ndiyo vigezo vyenyewe. Hakuna siri ya mtihani inayovuja hapo. Mwenye kazi ya kusimulia ataisimulia, na jopo halitahangaika kuitafuta katika kurasa nne za wasifu.

Maombi yasomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona alama za mwenzake. Kabla ya kuanza wasome yale yale 10 kwa majaribio, kisha walinganishe. Wakipishana kwa alama 2 kwenye kigezo fulani, mara nyingi kosa ni la maneno ya kigezo. Kwa mfano, mmoja atampa 3 mtu aliyefanya kazi kwenye kampuni yenye jina kubwa, mwingine atatazama kazi yenyewe na kumpa 1. Rekebisheni maneno, mrudie yale 10, ndipo mwendelee. Kwa dakika 6 kila ombi, 163 ni kama saa 16 kwa kila msomaji. Mmoja aanze juu ya rundo na mwingine aanze chini, ili waliokutwa na uchovu wa mmoja wakutwe na macho mapya ya mwingine. Mwishoni linganisheni wastani wa alama za maombi 50 ya kwanza na 50 ya mwisho kwa kila msomaji. Ukiwa umeshuka sana, uchovu umeingia kwenye alama, na yale ya mwisho yasomwe upya.

Majina, picha, umri na anwani vifunikwe, na kila ombi libebe namba tu. Najua wapo watakaosema ni kuwashuku wajumbe. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti ambao ndani yake walijibu matangazo ya kazi ya Boston na Chicago kwa wasifu wa kubuni, wakiupa majina kwa bahati nasibu. Wenye majina yanayohusishwa na Wazungu, kama Emily na Greg, waliitwa kwa karibu asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayohusishwa na Wamarekani Weusi, kama Lakisha na Jamal. Wengi wa wasomaji wale pengine walijiona watu wa haki, kama sisi tulivyojiona. Mjumbe anayemfahamu mwombaji aseme mapema na ombi hilo lisomwe na mwingine, kwa sababu kufunika jina hakumfichi ndugu ambaye historia yake ya kazi unaijua.

Linabaki suala la kukata mstari. Tuseme usaili una nafasi 8. Mkipanga wastani wa alama za wasomaji wawili kutoka juu, sita wako juu ya 12, na watatu wanafuata wakiwa na 12 kamili. Waiteni wote tisa. Usaili mmoja wa ziada ni kama saa moja, na ni nafuu kuliko kukaa mezani kuulizana "yupi anaonekana bora", maana swali hilo ndilo mlango ambao kila tulichokifukuza hurudi kupitia. Kama tisa haiwezekani kabisa, karatasi iwe imeshasema tangu mwanzo kwamba wanaolingana watatenganishwa kwa alama ya kigezo cha kwanza. Na mkishafunua majina, alama isibadilishwe. Ikigundulika imekosewa kweli, ifutwe kwa mstari mmoja ili ya zamani isomeke, na anayebadilisha aandike sababu na kusaini.

Naomba tangazo lako lijalo litoke likiwa na maswali yale matatu ndani yake, na karatasi hizi zitunzwe pamoja na faili la nafasi hiyo. Mwombaji akija kuuliza kama alivyokuja yule wa kwetu, ofisa wako afungue mstari wake na kumwambia: kwenye kuhesabu mali ulipata 1, kwa sababu ulisema ulishiriki lakini hukueleza ulifanya nini.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa katibu wa jopo la mchujo