Visubi huzaliwa topeni, si dimbwini

Mhariri,

Kila masika yanapokaribia, wafugaji wa nyanda za juu za Kenya hushauriwa wafukie madimbwi ili kuwakinga kondoo na ugonjwa wa ulimi wa buluu, na farasi na tauni ya farasi. Ushauri huo unafaa kwa mbu. Magonjwa haya mawili huenezwa na visubi, wadudu wa milimita 1 hadi 3, na aina inayoyaeneza zaidi Afrika haitagi mayai majini. Hutaga kwenye udongo uliolowa na kuchanganyika na kinyesi cha mifugo. Udongo huo ukifunikwa na maji, pupa wake huzama na kufa. Ndiyo maana visubi hawafiki kilele mvua ikiwa kubwa, bali inapopungua na kuacha tope la majimaji, na wagonjwa huanza kuonekana wakati mfugaji anadhani msimu umepita.

Kwa hiyo tunaomba wafugaji watazame zaidi pale penye birika la kunyweshea. Boya likiharibika, maji humwagika usiku kucha, ng'ombe wanakanyaga na kunya papo hapo, na ukingo wa tope hilo hubaki na unyevu hata kiangazi. Kwenye joto, yai huwa kisubi kamili katika wiki mbili au tatu. Kukagua ni rahisi. Chota udongo wa juu, kina cha sentimita 2 hadi 5, pale tope linapokutana na ardhi kavu. Utie kwenye beseni la maji yaliyokorogwa sukari nyingi, ukoroge, uache utulie. Viluwiluwi huelea juu: ni vyeupe, vyembamba kama uzi, na huogelea kwa kujipindapinda kama nyoka. Vikionekana, tengeneza boya, mwaga kokoto au zege kuzunguka birika mahali pote kwato zinapofika, na maji ya ziada yaelekezwe kwa bomba hadi kwenye shimo lililojazwa mawe. Kumwaga dawa juu ya tope hakusaidii sana, kwa kuwa viluwiluwi wamo ndani na ng'ombe huongeza kinyesi kila siku.

Kazi hiyo ina mpaka wake. Visubi huruka kutoka shamba la jirani, na upepo huwabeba mbali zaidi. Ng'ombe nao hubeba virusi vya ulimi wa buluu kwa wiki kadhaa bila kuonyesha dalili, kisha kisubi huvichukua kwao na kuvipeleka kwa kondoo. Chandarua cha kawaida cha mbu hakimzuii, matundu yake ni makubwa mno. Farasi aingizwe bandani saa moja au mbili kabla ya jua kuzama na asitolewe hadi kumekucha vizuri, milango na madirisha yakiwa yamefungwa kwa wavu wa matundu madogo sana. Kumlaza karibu na zizi la ng'ombe ni kosa tunaloliona mara nyingi.

Ngao kubwa basi ni chanjo, na hapo tarehe ndiyo inayoamua. Kinga huchukua wiki tatu au nne kujengeka, hivyo kondoo anayechanjwa tope likiwa limeshatapakaa amechelewa. Chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa isidungwe kondoo mwenye mimba changa, maana inaweza kuharibu ubongo wa mwanakondoo tumboni. Majike wachanjwe kabla ya kupandishwa, madume baada ya msimu wa kupandisha. Virusi vya ulimi wa buluu vina aina zaidi ya 20 na vya tauni ya farasi vina 9. Kinga ya aina moja haitoshi kuzuia nyingine, kwa hiyo mwulize daktari wa mifugo chupa aliyoshika ina aina zipi.

Usisubiri ulimi ugeuke buluu, kwa kuwa kondoo wengi hawafiki hapo. Tazama homa, midomo na uso uliovimba, makamasi yanayoganda puani, na mstari mwekundu juu ya kwato unaomfanya achechemee. Wengi huuita ugonjwa wa miguu na midomo, na kondoo hutibiwa vibaya. Kwa farasi, uvimbe unaojaza vishimo vilivyo juu ya macho, au povu puani huku akihema kwa nguvu, ni dalili za kumwita daktari saa hiyo hiyo. Damu ya kupima ichukuliwe mnyama akiwa bado na homa, katika chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, na isafirishwe ikiwa baridi bila kugandishwa kuwa barafu.

Wataalamu wa afya ya mifugo,
Laikipia