Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Boma la Maktaba na Tangazo Lililotuangusha

Ndugu wanachama,

Ya kawaida nayapita haraka: mikutano mitatu ilifanyika, ada wengi mmelipa, na hesabu zilizokaguliwa mnazo mkononi. Muda uliobaki nauomba kwa ajili ya boma la maktaba ya shule yetu ya kijijini hapa Muheza.

Tangazo la kwanza la kuchangisha, la mwezi Agosti, niliandika mimi. Lilisema watoto wetu hawana maktaba, tuchangie chochote, tuma kwa namba hii, jina litakuja la mweka hazina. Wiki tatu zikapita tukiwa na shilingi 115,000 kutoka kwa watu wanne. Nikaanza kunung'unika kwamba wanachama mmekuwa wagumu, hadi dada mmoja aliyeko Dar akanipigia: "Mwenyekiti, mimi nilidhani simu yako imeibiwa." Nikalisoma upya. Kweli, lilifanana na zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii". Halikuwa na lengo wala tarehe ya mwisho, na namba yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi.

Kabla ya kuandika la pili, tulifungua akaunti kwa jina la chama. Watia saini ni watatu, na hela haitoki bila saini za wawili. Kisha tukasajili lipa namba kwa jina hilohilo. Fundi naye akatupa makadirio ya kupaua chumba cha mita 6 kwa 8: bati 40 za geji 28 kwa 32,000 kila moja, mbao zenye dawa 980,000, kofia na misumari 190,000, ufundi 450,000. Jumla ni 2,900,000. Tangazo likaomba bati: moja ni 32,000, na nusu bati inapokelewa pia.

Kuna mjumbe aliyetaka tuweke picha ya mtoto amekaa chini analia. Tulikataa, kwa sababu mtoto huyo angekuwa wa jirani yetu, na haraka tuliyokuwa nayo haikuhitaji machozi. Ukuta wetu ni wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Saruji iko kwenye msingi na lenta tu. Mvua za vuli zimekwisha kula udongo wa kona ya kaskazini, mkono wa fundi unaingia kati ya tofali na tofali. Hiyo ndiyo picha tuliyoweka. Masika huanza Machi, na fundi anahitaji wiki mbili za kupaua, ndiyo maana tarehe ya mwisho ni 10 Februari.

Wengine mmeuliza kwa nini hatuombi vitabu. Mwanachama mmoja alituletea makasha mawili kwa moyo mweupe, lakini vingi ni vya kiada vya mtaala uliopita, na mitaala mipya imeanza kutumika tangu Januari 2024. Kamusi na vitabu vya hadithi tumevipokea. Viko ofisini kwa mwalimu mkuu, juu ya mbao, maana mchwa wa pale hawasubiri. Vitabu vya kiada tutavinunua paa likishakamilika.

Hadi leo tuna taslimu 2,130,000. Zinapungua 770,000. Zipo pia ahadi za 360,000 ambazo sijazihesabu, na sitazihesabu, kwa kuwa muuza bati hapokei ahadi. Walioahidi sitawataja hadharani. Mweka hazina atampigia kila mmoja simu.

Orodha ya kila Ijumaa ilileta mgogoro. Mwanzoni tuliandika jina na kiasi, na waliotoa elfu tano wakaona aibu, wakaacha kutoa. Sasa tunaandika tarakimu nne za mwisho za namba ya muamala pamoja na kiasi, bila jina. Ukiiona yako, imefika. Usipoiona Ijumaa mbili mfululizo, mpigie mweka hazina ukiwa na meseji ya muamala.

Namna ya kutoa ni hii. Lipa namba imechapwa nyuma ya kadi yako ya uanachama. Isome hapo, usiitoe kwenye ujumbe uliosambazwa, kwa sababu mwezi uliopita mtu alinakili tangazo letu akabadilisha tarakimu mbili. Kwenye menyu ya simu yako chagua kulipa kwa simu, weka lipa namba, kisha kiasi. Kabla hujaweka namba ya siri utaona jina. Likiwa la chama, endelea. Likiwa la mtu yeyote, hata likiwa langu, katisha na unipigie. Ya kutolea usiongeze. Asiye na simu amletee mweka hazina mkononi na asiondoke bila stakabadhi yenye muhuri.

Bati zitanunuliwa 12 Februari. Anayetaka kwenda dukani kuzihesabu pamoja nasi aandike jina kwa katibu leo kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti