Wanangu wenye fremu za viatu, hiyo asilimia 30 yenu mnaihesabu juu ya nini?

Wanangu, hamjambo. Juzi kwenye kikao chenu mmoja alilalamika kwamba anapata faida ya asilimia 30 kwa kila pea ila kila akienda kufata mzigo hela haitoshi, na wengine mkaanza kumwambia kijana wake wa dukani anamuibia. Niliomba daftari nikakaa nalo usiku. Kijana wa watu hajaiba kitu, na imeniuma kuona anataka kufukuzwa.

Iko hivi. Pea inamfikia dukani kwa 20,000, usafiri na kuli humohumo. Anaongeza asilimia 30 ya hiyo 20,000, yaani 6,000, anauza 26,000. Hapo hajakosea. Anakosea mwisho wa mwezi, anachukua mauzo yote anayatolea asilimia 30 ndo anaita faida, wakati ile 30 ilikuwa ya bei ya kununulia, sio ya mauzo. Ukigawa 6,000 kwa 26,000 unapata kama asilimia 23 tu.

Mwezi uliopita aliuza pea 300, sawa na 7,800,000. Kwa hesabu yake faida ni 2,340,000, akitoa kodi ya fremu, mshahara, umeme na mengine, jumla milioni 2, anabakiwa na 340,000, akazipeleka nyumbani kwa roho safi kabisa. Lakini pea 300 mara 6,000 ni 1,800,000. Kwa hiyo duka lilishapungukiwa 200,000 kabla hajagusa kitu, jumlisha 340,000 alizokula, 540,000 imetoka kwenye mtaji. Hizo ni pea 27 ambazo hatazirudisha kwenye shelfu, na mwezi huu akirudia hivyohivyo shelfu inazidi kupwaya huku wateja wapo.

Kama unataka asilimia 30 ya mauzo, usizidishe, gawa. Kwenye kila 100 anayolipa mteja, 30 ni yako na 70 ni ya mzigo, kwa hiyo 20,000 gawa kwa 0.70, inakuja 28,571, weka 28,500 mambo yaishe. Na mteja akiomba umpunguzie asilimia 10, kumbuka anapunguza kwenye bei ya kuuzia: kwenye 26,000 ni 2,600, kwahiyo ile 6,000 yako inabaki 3,400. Wengi mnadhani 30 toa 10 ni 20, siyo, hapo umebaki na kama 14 na nusu ya mauzo.

Najua mtasema kwa 28,500 wateja watahamia kwa jirani. Wengine watahama kweli. Ila kwa bei hiyo pea 236 zinatosha kulipa ile milioni 2, kwa 26,000 mpaka ufikishe 334. Na kama soko lenu limegoma kabisa kuvuka 26,000, basi kabambane na bei ya jumla, maana kwa asilimia 30 ya kweli hiyo pea inabidi ikufikie dukani kwa 18,200.