Yule dada wa viatu vya watoto na akaunti zake sita

Shoga yangu,

Salama lakini? Meseji yako ya juzi usiku niliisoma mara mbili, pale uliposema umekaa mpaka saa saba unakata video ileile uiweke sehemu tano halafu asubuhi dukani hakuna aliyeulizia hata kitu kimoja. Nikasema hapana, hii siijibu kwa vois, ngoja niandike vizuri, maana nina mtu nimemuona kwa macho yangu akipita hapohapo ulipo. Unakumbuka nilikwambia kuna dada nilikuwa namsaidia kupiga picha za duka lake, yule anayeuza viatu vya watoto? Ndo yeye.

Alikuwa na akaunti sita. Instagram, ukurasa wa Facebook, TikTok, X, Pinterest na YouTube. WhatsApp siihesabu, ile ndo simu ya duka. Na zote alizifungua kwa nia nzuri kabisa, kila aliyempa ushauri alimwambia fungua na huku, wateja wako kila mahali. Alipokuja kuniambia amechoka alishaamua kufunga, ila alitaka kufunga Instagram abaki na TikTok, kwa sababu TikTok alikuwa na wafuasi 8,600 na Instagram 1,900 tu. Yaani kwa macho ya kawaida ungesema yuko sahihi.

Nikamwomba kitu kimoja, asifunge chochote kwa wiki nne. Achukue daftari aliweke kaunta, na kila anayenunua, awe amekuja dukani au ametumiwa mzigo, amuulize swali moja tu kabla hajamrudishia chenji: ulituonea wapi mara ya kwanza? Anachora mstari mmoja kwenye safu yake basi. Na ukurasa wa nyuma aandike kila siku ametumia muda gani kwenye kila mtandao, bila kujidanganya, pamoja na zile dakika za kusema naangalia kidogo tu.

Wiki nne zikaisha tukakaa na lile daftari. Wanunuzi 71. Kati yao 29 walikuwa wapita njia au wameambiwa na mtu, hao mtandao hauhusiki. Wakabaki 42. Instagram 27, Facebook 11, TikTok 3, Pinterest 1, X na YouTube hakuna. Sasa njoo kwenye muda. TikTok ilikuwa inakula saa 5 kwa wiki, Instagram saa 2, Facebook 1, X na Pinterest saa moja na nusu kila moja, YouTube alishaisahau. Kwa hiyo kwa wiki nne alitoa saa 20 akapata wateja 3, na upande wa pili saa 8 zikamletea 27. Alinyamaza shoga, akachukua kalamu akahesabu tena ile mistari mwenyewe.

Si kwamba TikTok ni mbaya, naomba unielewe hapa maana mtu mwingine daftari lake litasema kinyume kabisa. Video zake zilizopaa kule zilikuwa za watoto wakijaribu viatu wakicheka, zinachekesha kweli, zikatazamwa na vijana wasio na watoto na watu wa mbali ambao hata kama wanataka huwezi kuwafikishia mzigo. Wafuasi walikuja kwa ajili ya kicheko. Ndo maana nakwambia usichague mtandao kwa idadi ya wafuasi, chagua kwa mistari ya daftari.

Akafunga tatu, TikTok, X na Pinterest. YouTube aliiacha imelala ili tu jina lisikae wazi, na Facebook haimchoshi tena kwa sababu aliiunganisha na Instagram, akiposti huku inakwenda na kule yenyewe. Nguvu zote zikahamia Instagram.

Kufunga kwenyewe kuna utaratibu wake na hapa ndo wengi wanakosea, wanaamka na hasira wanafuta. Yeye alichukua mwezi mzima. Kwanza akapakua data zake zote, video na picha, kwa sababu zile zake za zamani hazikuwa kwenye simu tena. Halafu akabadilisha maelezo ya profaili kila sehemu kuwa tumehamia Instagram kwa jina fulani, akaweka posti moja inayosema hivyohivyo akaibandika juu kabisa, na inboksi akajibu kila meseji hata za miezi mitatu nyuma. Baada ya hapo ndo akaomba kufuta. Ujue TikTok na X zinakupa siku 30 kabla akaunti haijafutwa kabisa, na ukilogini katikati inarudi. Yeye siku ya 19 roho ikamuuma akaingia X kuchungulia tu, akajikuta ameirudisha, siku zikaanza upya! Kwa hiyo ukishaomba kufuta, toa na app kwenye simu.

Sasa zile saa zilizookolewa alizipeleka wapi, hapa ndo pananifurahisha. Hakuongeza posti hata kidogo, alikuwa anaposti kila siku akashuka mpaka tatu kwa wiki. Alichofanya ni kukaa na meseji. Tulichukua meseji 100 za mwisho za wateja kule Instagram tukazisoma moja moja tukiziweka mafungu, na 58 zilikuwa zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: mwanangu ana miaka miwili avae namba ngapi? Nyingine 21 zilikuwa ipo? bado ipo? zilizobaki bei na usafirishaji. Miaka yote hiyo alikuwa anaposti viatu vizuri, wakati watu wamekwama kwenye saizi. Mzazi akikosea saizi hasara ni yake, kwa hiyo anauliza, anakaa mpaka jioni bila jibu, anakwenda kwingine.

Basi posti ya kwanza baada ya kufunga ilikuwa ya kupima mguu. Picha sita tu za kuburuza, alizipiga kwa mtoto wa dada yake. Karatasi sakafuni imegusa ukuta, mtoto asimame wima, asikae, maana akisimama mguu unatanuka kidogo, kisigino kiguse ukuta. Unaweka alama mbele ya kidole kilichotangulia kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kile kikubwa. Unapima kwa rula kutoka ukutani mpaka kwenye alama. Unafanya miguu yote miwili unachukua ule mrefu, na ni vizuri iwe jioni kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana. Halafu unaongeza kama sentimita moja ya kukulia, zaidi ya hapo mtoto anajikwaa. Mguu wa sentimita 15 kwenye namba za Ulaya huwa unaangukia kama 25, lakini viwanda vinatofautiana, kwa hiyo yeye alipima ndani ya kila kiatu cha dukani akaandika urefu wa soli ya ndani kwenye kila kepsheni. Kazi ya siku mbili nzima ile, na ilistahili kila dakika.

Ile posti ilipata laiki 31. Zamani angeifuta kwa aibu. Tukafungua takwimu tukakuta watu 140 wameisevu na wengi wameishea kwa meseji, yaani mama anamtumia mwenzake. Hapo ndo akajifunza ni namba gani za kuangalia kila Jumatatu: waliosevu, walioshea, na meseji mpya zilizoingia. Laiki aliacha kuzihesabu. Posti ya kupima akaibandika juu ya profaili (Instagram wanakuruhusu kubandika tatu), ya pili ikawa namna ya kuagiza na kubadilisha saizi, ya tatu mzigo uliopo wiki hii, na hiyo ya tatu anaibadilisha kila Jumatatu ili lile swali la ipo? lipungue. Meseji akajiwekea nyakati mbili za kuzijibu, saa nne asubuhi na saa moja jioni, na hakuna inayolala.

Kitu kingine kidogo, video zake za zamani alikuwa anazipakua TikTok na ile alama yake pembeni anazipeleka Instagram vilevile. Instagram wenyewe walishasema tangu 2021 kwamba video yenye alama ya app nyingine haitapewa nafasi kubwa ya kupendekezwa kwa watu wasiokufuata. Kumbe muda wote alikuwa anajibana mwenyewe bila kujua. Na wewe najua unafanya hivyohivyo, rekodi kwa kamera ya simu kwanza, kisha ndo upeleke unakotaka.

Sikufichi, mwezi wa kwanza ulishuka. Wanunuzi wa Instagram walikuwa 24, chini ya wale 27, na alinipigia akiwa karibu kulia akidhani ameua biashara kwa mkono wake. Tukafungua daftari tukakuta meseji zimeongezeka ila wengi walikuwa bado wanauliza tu. Mwezi wa pili 33, wa tatu 41, na mwezi wa sita 64. Wafuasi walitoka 1,900 wakafika 2,600, si ongezeko la kutisha, lakini wanaonunua wameongezeka zaidi ya mara mbili na yeye analala saa nne usiku.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kwamba sasa kila kitu kiko kikapu kimoja. Akaunti ikiibiwa leo amekwisha. Kwa hiyo tulimwekea uthibitishaji wa hatua mbili, zile namba za siri za akiba za kuingilia akaziandika kwenye karatasi akaitunza nyumbani, na kila mteja anayekubali anaacha namba yake kwenye daftari pamoja na saizi ya mtoto, maana mguu wa mtoto mdogo unabadilika ndani ya miezi michache na hapo una sababu ya kweli ya kumtafuta. Hilo daftari ni lake, hakuna mtandao wa kumnyang'anya. Na kweli mwezi wa nne akatokea tapeli akafungua akaunti kwenye mojawapo ya ile mitandao aliyoifunga, jina lake limeongezwa herufi moja, picha zake zilezile, anataka watu walipe kwanza. Mteja mmoja alishtuka akamuuliza WhatsApp kabla hajatuma hela, ikaripotiwa. Tangu siku hiyo maelezo ya profaili yake yanasema wazi kwamba hapa na Facebook tu ndo kwetu, kwingine kokote si sisi.

Wewe usifunge kitu bado. Nunua daftari kesho, chora safu tano, andika na muda wako, na wiki nne zikiisha nipigie picha kurasa zote mbili unitumie, hata kama mistari ni michache. Watoto wasalimie.

Wako akupendaye.