Barua kwa wazazi na walimu wa mtoto anayemaliza kazi kabla ya wenzake

Wazazi na walimu wenzangu wa darasa la pili,

Salaam nyingi. Nimefundisha madarasa ya chini mpaka nikastaafu, na hadi leo majirani hunijia barazani na jambo lilelile. Mtoto ana miaka 7. Alijua kusoma kabla hajaanza shule. Nyumbani anauliza mpaka mama yake anachoka, lakini shuleni taarifa inasema hatulii, anaongeleshana na wenzake, anachorachora kwenye daftari la hisabati. Kuna asubuhi tumbo linamuuma, na Jumamosi haliumi. Mzazi anataka kujua kama mwanawe ana akili au ana utundu. Naomba niwajibu nyote kwa pamoja.

Kwanza mpelekeni akapimwe macho na masikio. Asiyeona ubao naye hugeukageuka na kuchezacheza, na huonekana hivyohivyo. Mkishatoa shaka hiyo, mpeni kazi anayoijua, siku nyingine mpeni iliyomzidi kidogo, mmtazame. Aliyechoshwa na wepesi wa kazi hutulia kazi ikipanda. Asipotulia hata kwenye kile anachokipenda, shuleni na nyumbani, aonwe na daktari, maana huenda kuna jambo jingine, na mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Sasa tuje darasani. Mtoto amemaliza hesabu 10 wenzake wakiwa kwenye ya tatu. Mwalimu ana watoto sabini, afanyeje? Wengi humwongeza 10 nyingine za aina ileile. Kwa mtoto hiyo ni adhabu ya kuwahi, na akishang'amua ataanza kujikokota makusudi. Wengine humgeuza mwalimu msaidizi: zunguka, wasaidie wenzako. Mara mojamoja ni vizuri, humfundisha kueleza. Ikiwa kila siku, mtoto huyo hajifunzi lolote jipya, na wenzake wanamchukia.

Mimi nilikuwa na boksi la kadi mezani, kila kadi ina swali moja tu. Nitawaonyesha moja. "Una sarafu nyingi za shilingi 500, 200 na 100. Unaweza kulipa shilingi 1,000 kamili kwa njia ngapi?" Ni kujumlisha tu, hesabu ya darasa lake. Msichana mmoja aliichukua kwa madaha, akaandika njia sita haraka haraka, akanyanyua mkono: nimemaliza. Nikamuuliza, umejuaje kwamba zimekwisha? Akakaa kimya. Akarudi, akapata ya saba, halafu akaandika njia ambayo tayari alikwisha kuiandika. Akafuta, akakasirika, machozi yakamlengalenga.

Machozi yale ndiyo niliyokuwa nayangoja, na naomba mnielewe hapa. Mtoto ambaye kila kitu kimekuwa chepesi kwake hajui hali ya kukwama. Akifika darasa la tano au la sita hajawahi kukwama, siku atakapokwama kwa mara ya kwanza atadhani akili yake imekwisha, na wapo niliowaona wakiacha kujitahidi kabisa kwa sababu hiyo. Ni heri akwame akiwa na miaka 7, juu ya swali la sarafu, mtu mzima akiwa kando yake.

Sikumpa jibu. Nilimwambia apange: aanze na zenye 500 mbili, kisha zenye 500 moja, kisha zisizo na 500 kabisa. Zenye mbili ni njia moja tu. Zenye moja, zinabaki shilingi 500 za kutimiza kwa sarafu za 200 na 100, na hapo 200 zinaweza kuwa mbili, moja, au isiwepo hata moja: njia tatu. Zisizo na 500, sarafu za 200 zinaweza kuwa tano, nne, tatu, mbili, moja au zisiwepo: njia sita. Jumla 10, na sasa anaweza kumwambia yeyote kwa nini hakuna ya kumi na moja. Kumi ile ilikuwa jambo dogo kwake. Alichoondoka nacho ni kule kupanga, na siku zilizofuata nilimwona akikitumia kwenye kadi nyingine bila kuambiwa.

Angalieni pia mnamsifuje. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa shule ya msingi. Waliosifiwa kwa akili zao walipendelea kazi rahisi baadaye, na baada ya kushindwa kwenye ngumu walifanya vibaya katika kazi iliyofuata kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Kwa hiyo "huyu ni jiniasi wetu" mbele ya wageni inamtia woga wa kukosea. Mwambieni mlichokiona: ulipokwama ulibadili njia.

Tena msisahau ana umri gani. Kichwa kinaweza kusoma kama cha mtoto wa miaka 10 huku mkono unaandika kama wa miaka 7 na moyo unalia kama wa miaka 5 akishindwa kwenye mchezo. Mwandiko mbaya kwa mtoto wa namna hii mara nyingi ni mkono uliochoka kukimbiza mawazo. Mwalimu, mwache mara nyingine ajibu kwa mdomo. Mzazi, usimwambie "na akili zako zote unalia?" Analia kwa sababu ni mdogo.

Na maswali. Kuuliza si ujinga, tunasema, kisha tunamkaripia anayeuliza. Adabu ya kungoja zamu afundishwe, ni haki ya wenzake arobaini au sabini. Lakini swali lenyewe lisipotee. Mnunulieni daftari dogo, swali likija katikati ya somo aliandike, jioni achague moja au mawili. Msikimbilie kujibu. Akiuliza kwa nini mwezi unatufuata tukiwa kwenye gari, ngojeni safari ya mchana ya Korogwe, aangalie dirishani: nguzo za umeme zinapita mbio, miti ya mbali inapita taratibu, milima ya Usambara inasogea kwa shida. Muulizeni, je, kitu kilicho mbali zaidi ya milima? Mwezi uko umbali wa kilomita kama 384,000, mwendo wetu wote hautoshi kuuacha nyuma. Mtoto akilifikia hilo mwenyewe, ataleta maswali matatu mapya, na msilolijua semeni hamlijui, mtafute pamoja.

Kuhusu kumrusha darasa, siipingi, lakini isiwe hatua ya kwanza. Jaribuni kadi kwa muhula mmoja. Kama hisabati bado ni nyepesi mno, aombewe kukaa na darasa la tatu kwa kipindi hicho tu. Kumrusha kabisa kuje baada ya kuona anasoma, anaandika na anahesabu vizuri kwa kiwango cha darasa la juu, na mwenyewe anataka. Kabla hajahama, mpimeni kwa kazi za mwaka anaouruka ili pengo lionekane mapema.

Mzazi, ukienda kwa mwalimu usianze na "mwanangu anachoshwa na somo lako." Nenda na lile daftari la maswali na karatasi ya sarafu, umwonyeshe, umuulize yeye anaonaje mtoto darasani. Kisha ombeni jambo moja dogo linalowezekana kwa darasa la watoto sabini: kadi moja, mara tatu kwa wiki, akimaliza kazi yake. Ukipenda jitolee kuziandika kadi hizo wewe mwenyewe, ishirini kwa kuanzia, na uhakikishe watoto wengine wakimaliza nao wanaruhusiwa kuchukua.

Wenu,
Bibi, mwalimu mstaafu, Tanga