Anaelewa Kiswahili, lakini anajibu kwa Kijerumani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo linalotusumbua sisi tunaolea watoto ughaibuni, nami nipate ushauri wa wasomaji waliokwisha kulipitia. Sisi ni watu wa Tanga tunaoishi Hamburg, Ujerumani. Binti yetu ana umri wa miaka 12, na mdogo wake wa kiume ana miaka 6. Nikisema na huyu mdogo kwa Kiswahili hunielewa vizuri, lakini hunijibu kwa Kijerumani, na bibi yake akipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba mazungumzo hukwama hapo hapo.

Nimesikiliza kwa makini Kiswahili tunachowasemesha watoto katika nyumba zetu huku, kwangu na kwa jamaa, nikaona kwamba sehemu kubwa yake ni amri: njoo, kaa, kula, vaa viatu, acha kelele. Amri haimdai mtoto jibu. Akishavaa viatu, maneno yamekwisha. Kwa hiyo anaweza kukua akielewa kila anachoagizwa na bado akashindwa kueleza yaliyompata shuleni, kwa sababu vitenzi vya kusimulia, kama vile "nikaenda, nikamkuta, tukacheza", hajavisikia vya kutosha. Akijaribu, husema "mimi enda" au "kitabu yangu". Msamiati anao, ila viambishi na ngeli vimeanza kupotea.

Ndiyo maana nawahimiza wazazi wenzangu wasiiache hadithi ya usiku, na waisimulie kwa mdomo badala ya kuisoma tu. Mimi huanza kwa "Paukwa!", naye huitikia "Pakawa!", na hapo tayari amekwisha kufungua kinywa kwa Kiswahili bila kulazimishwa. Kisha namleta Sungura: akaingia shambani, akachimba mhogo, akasikia nyayo, akajificha. Hadithi hiyo hiyo huirudia usiku baada ya usiku, na akishaizoea, nanyamaza kabla ya kitenzi ili akitaje yeye. Akinijibu kwa Kijerumani simkemei wala sijifanyi sikusikia, nasema, "Ee, akajificha. Akajificha wapi?" Hivyo neno analipata papo hapo, na swali linamtaka aendelee. Mwanzoni alikuwa akisema "Sungura jificha". Siku hizi "akajificha" humtoka yenyewe, na juzi alimsimulia bibi yake kwenye simu kisa kizima cha mhogo, huku bibi akiuliza, "Enhe, ikawaje?" Nawaomba sana babu na bibi walioko nyumbani waulize hivyo, kwa kuwa mtoto akiulizwa tu "Hujambo?" atajibu "Sijambo" na kurudisha simu kwa mama.

Nyimbo nazo zina kazi yake, hasa katika ngeli. Wakati wa kuoga tumejitungia wimbo wa viungo vya mwili: mkono wangu, mikono yangu, sikio langu, masikio yangu, kidole changu, vidole vyangu. Mtoto aliyezoea kusema "yangu" kwa kila kitu husikia mwenyewe kwamba wimbo umeharibika. Lakini wimbo una mpaka wake, maana mtoto anaweza kuuimba wote bila kuuelewa. Njia niliyoiona ya kumpima ni kumletea kitu kisichomo katika wimbo, kwa mfano kijiko au shati, na kusikiliza kama atasema "kijiko changu" na "shati langu". Akikosea hapo, ameshika sauti tu, na upatanisho wenyewe bado. Basi tunaendelea na maneno hayo mezani na jikoni, nikimwuliza kijiko chake kiko wapi na nani amekichukua, badala ya kumwambia tu akilete.

Tatizo ninaloliombea ushauri ni dada yake. Hadithi za Sungura anaziona za kitoto, na wimbo wa kuoga umekwisha kumpita. Akirudi shuleni huzungumza na mdogo wake kwa Kijerumani mpaka jioni, na tulichokijenga naye usiku hudhoofika mchana. Sitaki kumtoza faini wala kumwaibisha mbele ya wageni, kwani nimeona katika familia nyingine hapa kwamba mtoto wa umri huo akichekwa matamshi yake hunyamaza kabisa, na baadaye huwa vigumu kumrudisha. Nimefikiri kumpa kazi ya kumtegea mdogo wake vitendawili, au kumwomba amsikilize bibi yake akieleza maisha ya utotoni mwake kisha amsimulie baba yake, lakini nahofia ataiona kuwa kazi ya shule.

Wasomaji wenye watoto wa umri huo, hasa mlioko Ulaya, Marekani au Uarabuni, je, mliwapa jambo gani la kuzungumza kwa Kiswahili ambalo wao wenyewe walilitaka? Na ndugu wakizungumza wao kwa wao kwa lugha ya shule, mzazi aingilie kati au awaache?

Mama wa watoto wawili,
Hamburg